Nikienda kwa mshauri nasaha wa chuo, watanifanya nini?

*Shikamoo dada. Nasoma shahada ya uzamili Uingereza, huu ni mwezi wangu wa sita, na wikiendi nafanya kazi. Siku hizi nalala hata masaa kumi na naamka nimechoka vilevile. Nafungua kitabu, naona maandishi tu. Rafiki yangu ananiambia niende kwa washauri nasaha wa chuo. Mimi nahisi labda ni uvivu, halafu naogopa habari isije ikafika kwenye viza au nyumbani. Nikienda, watanifanya nini?*

Marahaba, mdogo wangu. Nitakujibu kwa habari ya binti mmoja wa Tanga aliyesoma afya ya jamii Glasgow, maana hayo unayoniuliza aliyabeba yeye pia msimu mzima wa baridi. Aliyemhudumia si mimi. Mimi hufanya kazi hii ya ushauri nasaha na wanafunzi wa kigeni, naye alinisimulia mwenyewe baadaye, akaniruhusu niwaeleze wengine mradi jina lake na mambo ya kumtambulisha niyaache.

Alifika Septemba. Ada ilitokana na akiba yake, mkopo wa mjomba, na pesa za kipande cha shamba alichouza mama yake. Kwa hiyo tangu siku ya kwanza alijiona ana deni, na hakutaka kupoteza hata saa moja. Viza ya mwanafunzi wa shahada Uingereza inaruhusu kufanya kazi hadi masaa 20 kwa wiki wakati wa masomo, naye akayachukua yote: shifti mbili za usiku, Ijumaa na Jumamosi, kuanzia saa nne usiku hadi saa mbili asubuhi, katika nyumba ya kulelea wazee. Jumatatu hadi Ijumaa darasani na maktaba. Mwezi wa Oktoba aliuweza. Novemba aliuweza kwa kahawa.

Desemba ilipofika, Glasgow jua huchomoza kama saa tatu kasorobo asubuhi na kuzama kama saa kumi kasorobo jioni. Akitoka shifti nje bado giza, akiamka giza limerudi. Wikiendi zilipita bila kuona jua. Alidhani ni hilo tu, akanunua taa ya mezani yenye mwanga mkali na kuendelea.

Mabadiliko aliyoyaona kwanza ni usingizi. Siku asizo na shifti alilala masaa kumi na moja, akaamka mwili mzito kama hakulala kabisa. Kisha kusoma: ukurasa mmoja mara nne na hakuna kilichobaki. Kisha barua pepe. Alianza kwa kuacha za idara, kisha za msimamizi wake, mwisho hakufungua yoyote, na kila siku isiyofunguliwa iliongeza hofu ya kufungua kesho yake. Kupika aliacha, akawa anaishi kwa chai na mkate. Simu za nyumbani alipokea dakika mbili, "niko poa mama, nina kazi tu," akakata. Yote haya aliyapa jina moja: uvivu. Na dawa ya uvivu aliijua, ni kujikaza. Akaongeza masaa ya maktaba.

Kilichomtisha hakikutokea chuoni. Kazini kulikuwa na bibi mmoja ambaye binti alizoea kumchana nywele huku wakizungumza, bibi akimsimulia mambo ya ujana wake. Usiku mmoja Januari alimchana akiwa kimya, bibi akaanza hadithi yake, na binti akasikia kichwani mwake sauti ikisema: amalize haraka huyu. Hakusema neno, wala bibi hakujua. Lakini kwa mtu aliyelelewa na bibi, sauti ile ilimuuma kuliko alama mbaya.

Wiki iliyofuata alikuwa anaandaa kazi ya darasa kuhusu kwa nini wauguzi huacha kazi. Katika kusoma akakutana na maelezo ya mtafiti wa saikolojia wa Marekani, Christina Maslach, ambaye mwaka 1981 pamoja na mwenzake alichapisha dodoso la kupima uchovu uliokithiri. Dodoso hilo linaangalia mambo matatu. La kwanza ni kuishiwa nguvu, ile hali ambayo mapumziko ya kawaida hayairudishi. La pili ni moyo kujitenga na kazi na watu wake, kuwaona kama mizigo. La tatu ni kuhisi kwamba hata ukifanya, hufanyi cha maana. Mwaka 2002 watafiti waliligeuza dodoso hilo lipime wanafunzi, masomo yakichukua nafasi ya kazi. Binti alisoma aya ile akamwona yule bibi na nywele zake. Alikuwa anaandika juu ya wauguzi, kumbe anajisoma mwenyewe.

Hapa nikusimamishe kidogo, maana ndipo jibu la swali lako la uvivu lilipo. Kuchoka tu hakutoshi kusema una uchovu uliokithiri. Kila mwanafunzi huchoka wakati wa mitihani, akilala siku mbili anarudi sawa. Mimi husikiliza zaidi lile jambo la pili. Mvivu anaacha kazi na kwenda kwenye kile anachokipenda. Mtu aliyekithiri uchovu anakosa hamu hata na sehemu ya kazi aliyoipenda, na anaumia kwa kuikosa. Wewe umeniandikia ukihofia kwamba ni mvivu. Hofu hiyo yenyewe inanifanya nisiamini kuwa ni uvivu.

Jambo jingine la kutenganisha ni sonona. Shirika la Afya Duniani, katika orodha yake ya magonjwa iliyoanza kutumika Januari 2022, linauweka uchovu huu kama hali inayotokana na kazi, si ugonjwa. Sonona ni ugonjwa. Kwa macho ya kawaida vinafanana, na kimoja kinaweza kuzaa kingine. Ninachouliza ni hiki: ukitolewa kwenye masomo na kazi kwa siku kadhaa, kuna kitu kinarudi? Unacheka na rafiki, unatamani chakula fulani? Kama giza limefunika kila kitu, hata yasiyohusu masomo wala kazi, kwa wiki mbili au zaidi, na ukajiona huna thamani au unawaza kufa, usikisie mwenyewe. Hapo ni daktari, na mapema. Kama mawazo ya kujidhuru yapo usiku huu, huko Uingereza piga 999 kwa dharura, 111 kwa huduma ya afya, au 116 123 ya Samaritans, ambayo ni bure na hupokelewa usiku na mchana.

Turudi kwa binti. Kujua hakukumfikisha mlangoni. Ilichukua wiki kadhaa, na sababu zake ni hizo zako. Nyumbani kwao mtu anayekwenda kuzungumza na mtu wa akili ni yule aliyekwisha kuokota makopo. Pia alisali, na alijiuliza kama kwenda kwa mshauri ni kusema sala hazikutosha. Kubwa zaidi ilikuwa viza. Rafiki mmoja alikuwa amemwambia kwamba chuo hupeleka taarifa zote uhamiaji.

Kuhusu hilo nikueleze vizuri, maana limewafungia nje wengi. Chuo kilichokudhamini viza kina wajibu wa kutoa taarifa kwa idara ya uhamiaji, hilo ni kweli. Lakini kinachotolewa taarifa ni mwanafunzi kuacha masomo, kusitisha masomo, au kutoonekana kushiriki kwa muda. Kwenda kwa mshauri nasaha hakumo. Maelezo ya vikao hukaa ndani ya ofisi ya ushauri, walimu wako hawayaoni, na mzazi hapigiwi simu, kwa kuwa wewe ni mtu mzima. Usiri huo una mipaka na mshauri atakutajia mwanzoni kabisa: kama kuna hatari kubwa ya wewe kujidhuru au kumdhuru mwingine, au kama mtoto yumo hatarini, au mahakama ikiamuru. Hata hapo, kwa kawaida atazungumza na wewe kwanza. Sasa tazama: binti aliyekuwa akijificha ili kulinda viza alikuwa amekosa vipindi na hajibu barua za idara. Kule kujificha ndiko kulikokuwa kunampeleka kwenye orodha aliyoiogopa.

Mwishowe alijaza fomu ya mtandaoni saa nane usiku, akiwa kitandani. Fomu za namna hii hufanana: jina, namba ya mwanafunzi, maneno machache ya kilichokuleta, kisha maswali ya kupima hali. Aliyopewa yeye inaitwa CORE-10, maswali kumi kuhusu wiki iliyopita, kila moja 0 hadi 4, jumla ya juu kabisa 40. Moja linauliza kama umepanga kukatisha uhai wako. Aliposoma hilo nusura afunge kompyuta, akidhani akigusa popote polisi watakuja. Jibu lake lilikuwa 0. Ila alichofanya, na wanafunzi wetu wengi hukifanya, ni kuandika 0 na 1 kwenye karibu maswali yote ili asionekane dhaifu. Kisha akafuta, akajibu tena kwa ukweli. Nashukuru alifanya hivyo, kwa sababu fomu ile ndiyo hutumika kuamua nani aonwe wiki hii na nani asubiri. Ukijipunguzia maumivu kwenye karatasi, unajirudisha nyuma kwenye foleni.

Alisubiri wiki mbili. Siku yenyewe alipita mbele ya jengo, akaenda hadi kituo cha basi, akarudi. Ndani hakukuta kitanda wala koti jeupe. Viti viwili, meza ndogo, saa ya ukutani, boksi la tishu. Mshauri alikuwa mama wa makamo wa Kiskoti. Akamweleza habari za usiri, akamwambia kikao ni dakika 50, kisha akanyamaza. Binti akasema, "Samahani, labda napoteza muda wako, wenzangu wana matatizo makubwa zaidi." Kisha akalia dakika ishirini.

Baada ya hapo mshauri hakuuliza habari za utotoni. Alichukua karatasi akachora siku saba, akamwomba ajaze wiki yake. Shahada ya uzamili ya Uingereza ina krediti 180, na krediti moja huhesabiwa kuwa kazi ya masaa 10. Hayo ni masaa 1,800. Ukiyagawa kwa wiki 45 unapata masaa 40 kila wiki, yaani ajira kamili. Juu yake kulikuwa na masaa 20 ya usiku, na mabasi mawili kwenda na kurudi. Jumamosi na Jumapili mchana alilala kufidia usiku, na Jumatatu asubuhi mwili ulitakiwa ugeuke uwe wa mchana tena. Mshauri akauliza, "Siku yako ya mapumziko ni ipi?" Binti akaitafuta kwenye karatasi. Haikuwepo, tangu Oktoba.

Aliniambia kwamba karatasi ile ilimsaidia kuliko maneno yoyote ya kumtia moyo, kwa sababu ilihamisha swali. Miezi mitatu alikuwa akiuliza "nina kasoro gani?", na sasa aliona hesabu ambayo mtu yeyote ingemshinda.

Mambo matatu yalitoka kwenye kikao hicho. Kwanza, mshauri alimtaka aende kwa daktari wa familia kupima damu, kwa sababu upungufu wa damu, matatizo ya tezi ya shingo na kisukari navyo huleta uchovu wa namna hii, na maneno hayatibu upungufu wa damu. Kwake vitamini D ilikuwa chini. Kule kaskazini jua la baridi halitoshi, na watu wenye ngozi nyeusi hushauriwa na mamlaka za afya za Uingereza wafikirie kumeza maikrogramu 10 kila siku mwaka mzima. Wewe ulikwisha kulipia huduma ya afya ulipoomba viza, kwa hiyo kama hujajiandikisha kwa daktari, jiandikishe wiki hii. Kumwona hulipi.

Pili, barua. Kazi mbili za darasa zilikuwa zimepitwa na tarehe. Mshauri alimweleza utaratibu wa kuomba nyongeza ya muda kwa sababu ya matatizo ya kiafya, akamwandikia barua ya kuunga mkono iliyosema tu kwamba anahudhuria na hali yake imeathiri masomo. Hakuna siri ndani yake. Alipata wiki tatu. Nyongeza ya namna hiyo haigusi viza. Kusitisha masomo ni habari nyingine: ukisimama zaidi ya siku 60, kwa kawaida chuo huondoa udhamini wa viza, unarudi nyumbani na kuomba upya. Kwa hiyo mtu yeyote akikushauri "pumzika muhula mmoja," hata kwa nia njema, usisaini kitu kabla ya kuonana na ofisi ya wanafunzi wa kigeni.

Tatu, kazi. Mshauri alipendekeza aache shifti moja. Hapa binti aligoma, na aligoma kwa haki, kwani pesa za shifti ile ndizo zilizomlipia mdogo wake shule. Kikao cha pili kiliharibika kwa sababu hii. Mshauri alimwambia ajifunze kuwakatalia nyumbani. Binti akatoka akiwa amekasirika, na alitaka kuacha kabisa.

Nashukuru alirudi kusema alichokisikia. "Mama yangu si mzigo wangu," alimwambia. "Yeye ndiye aliyenileta hapa." Mshauri aliomba radhi na kubadili swali: mama anajua nini kuhusu hali yako? Hajui lolote. Basi kazi ya wiki ile ikawa kumwambia mama ukweli, na walifanya mazoezi mle ofisini. Kwa Kiingereza maneno yalimshinda, mshauri akamwambia aseme kwa Kiswahili kwanza, kama anazungumza na mama mwenyewe, kisha amweleze maana. Alipoanza kwa lugha yake ndipo alipojua anataka kusema nini.

Simu ile aliiogopa bure. Mama alinyamaza, kisha akasema, "Mwanangu, shamba nililiuza usome, sikuliuza ufe." Ada ya mdogo wake mjomba aliibeba kwa muhula mmoja. Huku chuoni, mshauri alimwelekeza kwenye ofisi ya fedha, ambako ada iliyobaki iligawanywa kwa awamu. Si kila chuo kitakubali hivyo, na si kila familia ina mjomba. Ila hakuna aliyeweza kusaidia hesabu ambayo hajaiona.

Akabaki na shifti moja, Ijumaa. Jumapili ikawa siku isiyo na chochote. Wiki za mwanzo alizidi kujisikia vibaya, akilala na kulia, na hilo hutokea sana mwili ukipata nafasi ya kusimama, usidhani umeharibikiwa. Hamu ya kusoma ilikuja mwisho kabisa, kama mwezi wa Aprili, baada ya usingizi, hamu ya chakula na subira. Alipata vikao sita, idadi ambayo vyuo vingi huko huishia hapohapo au karibu yake. Ushauri haukulipa deni la mjomba, wala haukupunguza krediti hata moja. Tasnifu aliiwasilisha kwa wakati, akafaulu kwa alama za wastani, na anasema bibi yule wa nywele alimaliza hadithi zake zote.

Sasa wewe. Kabla ya kujaza fomu, chora siku zako saba kama alivyochora yeye, uandike na masaa ya shifti, safari na usingizi wa mchana. Nenda nayo. Kwenye nafasi ya kueleza kilichokuleta huhitaji insha. Haya uliyoniandikia mimi yanatosha, yatie kwa Kiingereza kama yalivyo. Jibu maswali ya kupima kwa wiki uliyoishi, si kwa mtu unayetaka waone. Kikao cha kwanza uliza mwenyewe: nani anaona maelezo haya, na nitapata vikao vingapi? Mkishindwana na mshauri, mwambie, na isipofaa una haki ya kuomba mwingine. Omba hata anayefahamu wanafunzi wa Kiafrika, baadhi ya vyuo wanao. Na wakikupa tarehe ya mbali, ijibu barua pepe hiyo uulize kama wana nafasi za siku hiyohiyo. Baadhi ya vyuo huacha chache kwa anayeuliza.